Ukurasa wa malipo umeganda baada ya skrini ya benki: mteja amekatwa au hajakatwa?

Ukurasa unaozunguka bila kuisha hauelezi chochote kuhusu pesa. Unaonyesha tu kwamba kivinjari cha mteja kinasubiri jibu ambalo halijafika. Pesa inaweza kuwa bado imetulia kwenye akaunti, inaweza kuwa imeshikiliwa, au imekwisha kuchukuliwa, na katika hali zote tatu mteja ataona gurudumu lilelile. Kwa hiyo usimwambie mtu "jaribu tena" kabla hujajua malipo ya kwanza yalifika wapi. Neno hilo moja ndilo linalozaa malipo mawili kwa mzigo mmoja.

Nawaandikia wenye maduka ya mtandaoni hapa Lubumbashi na mafundi wao: wanaopokea kadi za Visa na Mastercard, na ambao simu huwalilia mara tu mteja wa Likasi au Kolwezi anapokwama njiani.

Hatua nne, na pesa huguswa wapi

Mteja akibonyeza "Lipa", kwanza anapelekwa kwenye skrini ya benki yake. Huo mfumo huitwa 3-D Secure. Benki inamtumia namba ya uthibitisho kwa meseji, au inamwomba akubali ndani ya programu ya benki kwenye simu. Hapo benki inajibu swali moja tu: huyu ni mwenye kadi kweli? Hakuna hata franka moja iliyoguswa.

Baada ya hapo kivinjari kinarudishwa dukani na jibu la benki. Kisha seva ya duka, kwa kupitia lango la malipo, inaomba idhini: "tunataka dola 240 kwenye kadi hii". Benki ikikubali, inazishikilia dola hizo. Salio ambalo mteja anaweza kutumia linapungua, lakini pesa haijatoka bado. Hatua ya mwisho ni kuchukua, pale duka linapothibitisha kwamba linazitaka zile zilizoshikiliwa. Maduka mengi yamepanga idhini na kuchukua vifuatane palepale. Mengine huchukua siku mzigo unapoondoka.

Ukielewa mpangilio huu, kazi yote inakuwa kujua hatua ya mwisho iliyokamilika. Na hilo haliko kwenye skrini ya mteja. Liko kwenye lango la malipo, ukiliuliza kwa namba ya agizo.

Mteja mwenyewe atakuambia kwa uhakika kabisa: "Nimekatwa, benki imenitumia meseji." Msikilize kwa heshima, halafu mwombe akusomee meseji hiyo, ila asikutajie tarakimu za siri. Mara nyingi ni ile ya namba ya uthibitisho, ambayo kwa benki nyingi hutaja jina la duka na kiasi, kwa hiyo inafanana sana na meseji ya makato. Meseji ya makato husema kiasi kimetoka, na mara nyingi inaonyesha salio lililobaki. Meseji yenye namba ya kuingiza, pamoja na onyo la kutomwonyesha mtu, ni ya hatua ya kwanza, na hatua ya kwanza haikati pesa.

Skrini ya benki haikutokea, au ilipotea

Hii ndiyo hali nyepesi. Mteja anaona ukurasa mweupe au gurudumu, hajaombwa namba yoyote, au skrini imepotea kabla hajaiingiza. Ikiwa duka lako linafungua skrini ya benki ndani ya fremu, fungua konsoli ya kivinjari. Ukikuta kosa la `Content Security Policy` linalotaja `frame-src`, ulinzi wa tovuti yako mwenyewe ndio unaozuia anwani ya benki. Kila benki ina anwani yake ya uthibitisho, na huwezi kuziorodhesha zote, kwa hiyo kwenye ukurasa wa malipo peke yake ruhusu `frame-src https:`.

Kama konsoli haina kosa, huenda ni mtandao tu wa mteja, au simu yenye kumbukumbu ndogo: alitoka kwenda kusoma meseji, simu ikaufunga ukurasa, aliporudi ukaanza kupakia upya na benki ikaukataa kwa sababu ombi lile lilikwisha kutumika. Wanaofungua kiungo cha duka ndani ya programu ya Facebook hukumbwa na jambo hili mara kwa mara. Waambie wafungue kwa Chrome.

Uthibitisho ambao haujakamilika haukati pesa. Kanuni za 3-D Secure zinaipa benki dakika kumi za kumsubiri mteja. Zikipita bila jibu, benki inafunga ombi na kulituma kwenye lango kama lililoshindikana. Subiri zipite, hakikisha kwenye lango, kisha mruhusu mteja aanze upya.

Benki imekubali, duka bado linazunguka

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Mteja ameingiza namba, skrini ya benki imemwambia imekubali, amerudi kwenye ukurasa wa duka unaosema "Tunathibitisha malipo yako", na hapo hapo amebaki. Fundi anajaribu ofisini kwa kadi yake, yote yanapita bila tatizo. Anasema kosa ni la mteja.

Tuchukue agizo moja kama mfano na tulifuate mpaka mwisho. Mama mmoja wa Kolwezi ananunua betri ya sola ya dola 240. Kumbukumbu za seva ya duka zinaonyesha hivi:

```
10:14:20  POST /lipa/anza  302  agizo=A2207  kikao=7f3c
10:17:41  POST /3ds/rudi   200  agizo=-      kikao=mpya
10:17:44  GET  /hali       200  "inasubiri"
10:17:47  GET  /hali       200  "inasubiri"
```

Angalia mstari wa pili. Kivinjari kimerudi kutoka benki, lakini seva haijui ni agizo lipi, na imefungua kikao kipya. Mama huyu amekuwa mgeni kwenye agizo lake mwenyewe. Ukurasa unauliza kila baada ya sekunde tatu, "agizo la kikao hiki limefika wapi?", na kwa kuwa kikao kipya hakina agizo, jibu litabaki "inasubiri" mpaka kesho.

Kuki ya kikao, ile alama ndogo ambayo kivinjari hutuma ili seva imtambue mteja, ilienda wapi? Benki humrudisha mteja kwa ombi la `POST` linalotoka kwenye anwani ya benki kuja kwenye yako. Tangu mwaka 2020, Chrome huichukulia kuki isiyotaja `SameSite` kana kwamba imeandikwa `Lax`, na kuki ya `Lax` haitumwi kwenye `POST` inayotoka tovuti nyingine. Lakini Chrome iliacha mlango mmoja wazi: kuki isiyotaja `SameSite`, ikiwa ina umri usiozidi dakika mbili, bado inatumwa kivinjari kizima kinapohama kwa `POST`.

Sasa soma tena saa zile. Duka hili hutoa kuki mpya ya kikao mteja anapobonyeza "Lipa". Kutoka 10:14:20 mpaka 10:17:41 ni dakika tatu na sekunde ishirini na moja. Meseji ya benki ilichelewa, mama akasubiri, na kuki ikapita ule muda wa dakika mbili. Fundi wa ofisini, meseji ilimfikia mara moja, akamaliza ndani ya dakika moja, kuki yake ikatumwa kama kawaida. Ndiyo maana tatizo hili huonekana kama la bahati: linawapata wale ambao mtandao wao ni dhaifu, na linamkwepa kila anayelipima kwa haraka.

Kwa hiyo dalili ya kutafuta ni muda. Chukua maagizo yote yaliyoganda, andika saa ya kuanza na saa ya kurudi. Kama yaliyofaulu yako chini ya dakika mbili na yaliyoganda yako juu yake, huna haja ya kutafuta zaidi. Kama yaliyoganda yamechanganyika, ya haraka na ya polepole, basi sababu ni nyingine, na ukurasa ukiwa ndani ya fremu kuki ya `Lax` haitatumwa hata kama mteja amemaliza kwa sekunde kumi.

Na pesa ya yule mama? Lango la malipo, likiulizwa kwa rejea A2207, linajibu hivi:

```
rejea:        A2207
transStatus:  Y
idhini:       hakuna
authCode:     -
```

`transStatus` yenye herufi `Y` ina maana benki imemthibitisha mwenye kadi. Lakini sehemu ya idhini ni tupu. Seva ya duka ilishindwa kumtambua mteja, kwa hiyo haikuendelea kuomba dola 240. Mama huyu hajakatwa, ingawa skrini ya benki ilimwambia imekubali na meseji anayo mkononi. Hapo unaweza kumwandikia bila wasiwasi:

"Mama, pole kwa usumbufu. Benki yako ilikuthibitisha, lakini sisi hatukuomba pesa, kosa liko kwenye ukurasa wetu. Dola 240 hazijatoka na hazijashikiliwa. Agizo lile tumelifunga. Tafadhali fungua jipya."

Lifunge kweli kabla hujatuma maneno hayo, lisije likaamshwa na fundi jioni akidhani anasaidia.

Tiba yake ni moja, na haihitaji kubadilisha lango. Mapokezi ya jibu la benki yasitegemee kuki, wala yasifungue kikao kipya. Benki inaporudisha mteja, inaleta ujumbe uitwao `cres`, na ndani yake kuna namba ya muamala:

```
{"messageType":"CRes",
 "threeDSServerTransID":"...",
 "transStatus":"Y"}
```

Hifadhi `threeDSServerTransID` pamoja na agizo tangu mwanzo, kabla hujampeleka mteja benki. Akirudi, litafute agizo kwa namba hiyo. Usiiamini `transStatus` iliyopita kwenye kivinjari, kwa sababu mtu anaweza kuibadilisha njiani. Namba ikuelekeze tu kwenye agizo, halafu uulize lango matokeo yenyewe, maana benki huyatuma huko kwa njia yake bila kupitia kwa mteja. Ukishamaliza, mpeleke mteja kwenye ukurasa wa matokeo kwa jibu la `303`. Ukurasa huo unafunguliwa kwa `GET`, na kuki ya `Lax` inatumwa bila shida, kwa hiyo kikao chake cha zamani anakikuta palepale.

Wengine hutibu kwa kuandika hivi tu:

```
Set-Cookie: kikao=...; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=None
```

Inafanya kazi, lakini inaruhusu kuki ya kikao itumwe hata ombi likitoka tovuti yoyote nyingine, na ukisahau `Secure` Chrome inaikataa kabisa. Mimi naona ni heri kurekebisha mapokezi. Ukishafanya hivyo, pima kama mteja wa Kolwezi anavyolipa: bonyeza "Lipa", weka simu chini dakika tatu, toka kwenye kivinjari uende kusoma meseji, kisha ndipo uingize namba.

Kumbukumbu zinaonyesha idhini iliombwa

Hali hii inafanana na ile kwa macho, na ndiyo yenye hatari. Mteja amerudi, seva imemtambua, imeomba idhini, halafu jibu limechelewa. Programu ya duka imepangwa kuacha kusubiri baada ya sekunde 30; benki imejibu sekunde ya 34. Duka likaandika "imeshindikana" au likabaki linazunguka, lakini benki ilikwisha kukubali na dola zimeshikiliwa. Mteja akijaribu tena, zinashikiliwa nyingine 240. Mtu aliyekuwa na dola 500 kwenye kadi anabaki na 20 za kutumia, bila betri.

Ishara yake kwenye kumbukumbu ni ombi la idhini lisilo na jibu, au jibu la `504` kutoka kwa `nginx`, ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida hukata baada ya sekunde 60. Ukiona hivyo, agizo lisiitwe "limeshindikana". Liite "halijulikani", usimruhusu mteja kulipa tena, na uulize lango mpaka lijibu moja kati ya haya.

Likisema halijawahi kuona ombi lenye rejea hiyo, subiri dakika chache uulize tena, kwa sababu ombi linaweza kuwa bado njiani. Likiendelea kusema hivyo, hakuna kilichokatwa.

Likileta jibu la kukataa, soma namba yake. `51` ni salio halitoshi, `05` ni benki imekataa bila kueleza, `91` ni benki ya mteja haikupatikana. Hizo mbili za kwanza hazishikilii pesa. Hiyo ya `91` ichunguze tena baadaye, na lango likiwa na sehemu ya kufuta ombi, lifute.

Likileta `00` pamoja na namba ya idhini ya herufi sita, pesa imeshikiliwa. Una njia mbili: kamilisha agizo, uchukue pesa, utume mzigo, au ufute idhini. Muulize mteja kwanza anataka ipi. Huenda alikata tamaa akanunua betri nyingine pale Bel-Air, na ukimkamilishia agizo bila kumuuliza utakuwa umemuuzia asichokihitaji.

Fundi ahakikishe pia kwamba kila jaribio la agizo moja linatumia rejea ileile ya kuzuia marudio, ikiwa lango linaikubali. Hapo hata programu ikiomba mara mbili, lango litatoa jibu la kwanza badala ya kuomba benki upya.

Kusoma akaunti ya mteja

Wakati mwingine lango lenyewe halipatikani, na mteja yuko mbele yako. Mwombe afungue akaunti kwenye programu ya benki na aangalie salio mbili: la hesabu, na lile analoweza kutumia. Kama la kutumia limepungua kwa kiasi cha agizo lakini la hesabu liko vilevile, pesa imeshikiliwa. Kama yote mawili yamepungua na muamala umeandikwa kwa tarehe, imechukuliwa. Kama hakuna lililobadilika, hapo hapo usitoe hukumu. Benki nyingine huchelewa kuonyesha, kwa hiyo rudi kwenye lango litakapopatikana.

Usimwombe namba nzima ya kadi wala picha yake. Tarakimu nne za mwisho, saa ya malipo na kiasi vinatosha.

Kwetu kuna jambo moja linalowachanganya wengi: duka linauza kwa dola, lakini kadi imefungwa kwenye akaunti ya franka. Benki inashikilia franka kwa kiwango cha siku ile, na pesa ikichukuliwa siku nyingine kiasi kinaweza kuwa tofauti kidogo. Mteja anaona mistari miwili isiyolingana, anaamini amekatwa mara mbili. Linganisha kwa namba ya idhini. Ikiwa mistari yote ina namba moja, ni malipo yaleyale, na ule wa kwanza utaondoka. Zikiwa namba mbili tofauti, alilipa mara mbili kweli, na moja lazima irudi.

Jinsi ya kurudisha inategemea ilipofika. Iliyoshikiliwa tu inafutwa kwenye lango, na hakuna muamala mpya utakaoonekana. Salio la kutumia linapanda tu benki ikishaachilia, jambo ambalo linaweza kuchukua siku kadhaa kulingana na benki. Mweleze hivyo mapema, asikae akisubiri mstari wa "pesa imeingia" ambao hautakuja. Iliyochukuliwa hurudishwa kwa muamala wa kurejesha, nao hupata namba ya ufuatiliaji yenye tarakimu 23 inayoitwa ARN. Iombe kwenye lango, umpe mteja kwa maandishi. Akienda dirishani benki na maneno matupu, karani atamwambia haoni kitu; akienda na ARN, tarehe na kiasi kwa dola, muamala unatafutwa kwa namba hiyo hata kama franka zilizoandikwa kwenye akaunti hazilingani.